Duka la vifuniko vya soda: binti wa miaka minane anajumlisha vizuri, balansi inamshinda

MamaAmani_Arua

Salaam wazazi na walimu. Binti yangu ana miaka minane, yuko P3. Kujumlisha hakumpi shida. Ukimuuliza mia tatu na mia nne anakwambia mia saba hapo hapo.

Tumepanga duka sebuleni. Vifuniko vya soda ndizo sarafu, kila kimoja shilingi mia, na noti ya elfu tumeikata kwenye karatasi ya daftari. Mezani kuna kiberiti cha 200, kipande cha sabuni cha 700, chumvi ya 500, andazi la 400 na pipi za 100. Bei tumezipanga kwa ajili ya mchezo tu.

Akiwa mteja analipa sawasawa. Akiwa muuzaji, hapo ndipo kazi ilipo. Nampa noti ya elfu kwa sabuni ya 700, ananirudishia vifuniko vinne. Nikimwambia hesabu tena, anahesabu tena na vinatoka vinne vile vile. Nikimuuliza elfu moja toa mia saba ni ngapi, ananitazama tu. Nianzie wapi?

HesabuNiRahisi

Mama Amani, tatizo liko wazi: hajui kutoa. Weka mchezo kando kwanza, mfundishe kutoa kwa kupanga wima. 1000 juu, 700 chini, akope kwa jirani, ashuke. Mtoto asiyejua kutoa hawezi kurudisha chenji. Akishaiva kwenye daftari ndipo umrudishe dukani.

Mwalimu_Koboko

Usilifunge duka, mama Amani. Na kabla hatujasema hajui kutoa, tujue kwanza anakosea vipi, maana makosa ya balansi hayafanani na dawa zake hazifanani.

Fanya naye mauzo matatu. Wewe mteja, yeye muuzaji, na kwenye boksi lake kuwe na vifuniko vya mia tu, kama ishirini hivi. Kila mara lipa kwa noti ya elfu. Nunua sabuni ya 700, halafu panga vitu vya jumla ya 800, halafu andazi la 400. Usimsahihishe, usikunje uso, chukua balansi anayokupa na uandike pembeni idadi ya vifuniko.

Jibu sahihi ni 3, 2, 6. Akikupa 7, 8, 4, basi anakurudishia bei. Huyo hajaelewa pesa ipi ni ya nani, na hata umfundishe kutoa mwaka mzima ataendelea kukurudishia bei. Akikupa 4, 3, 7, hilo ni kosa jingine kabisa na linatibika haraka. Namba zikiwa hazina mpangilio wowote, anabahatisha, na hapo tutarudi nyuma hadi kwenye jumla zinazofika kumi. Tuletee majibu.

MamaAmani_Arua

Nimefanya. Vinne, vitatu, saba. Kila mara kimoja zaidi.

Nilipomsikiliza, kwenye sabuni alikuwa anasema kwa sauti: "mia saba, mia nane, mia tisa, elfu," na kila neno anaweka kifuniko.

Mwalimu_Koboko

Basi mtoto wako ana akili nzuri ya balansi. Bila kufundishwa ameanza kupanda kutoka kwenye bei kwenda kwenye pesa aliyopewa, na ndivyo wauzaji wengi wanavyofanya. Anachokosea ni mahali pa kuanzia.

Tazama inavyotokea. Tangu akiwa mdogo amezoea kuhesabu vitu, na katika kuhesabu vitu neno la kwanza huenda na kitu cha kwanza. Unasema "moja", unagusa kimoja. Sasa dukani neno lake la kwanza ni "mia saba", na mkono wake kwa mazoea unaweka kifuniko. Lakini mia saba hiyo haiko kwenye vifuniko, iko kwenye sabuni. Kifuniko cha kwanza kinatakiwa kitoke anaposema "mia nane".

Ukimweleza kwa maneno atakubali kwa kichwa na kesho atarudia. Mkono ndio wa kufundishwa. Fanya hivi: kati yako na yeye chora mstari wa chaki mezani, au laza kamba. Noti yako ya elfu iweke juu ya mstari. Yeye achukue sabuni kwa mikono miwili, aisukume kwako ivuke mstari, na wakati anaisukuma ndipo aseme "mia saba". Mikono miwili imejaa sabuni, kifuniko hakiwezi kutoka. Akishaiachia sabuni, achukue kifuniko kimoja, akivushe, aseme "mia nane". Kingine, "mia tisa". Kingine, "elfu". Anasimama hapo kwa sababu amefika kwenye noti. Sasa upande wako kuna sabuni na vifuniko vitatu, na upande wake inakwenda noti. Pande zote mbili zina elfu, na hilo analiona kwa macho.

Msirukie bei nyingine haraka. Rudieni kwa 700, 800, 900 na 600 mpaka mkono uache kutoa kifuniko kwenye neno la bei. Utajua amepona siku utakapompa andazi la 400, ambalo mkono mmoja unatosha kulibeba, na bado akasema "mia nne" mkono wa pili ukiwa umetulia.

Duka_Busia

Nakubaliana na mwalimu, na naongeza jambo la kaunta. Noti ya mteja isiingie kwenye boksi mpaka balansi iwe mkononi mwa mteja. Ikae pale juu, ionekane. Kwa mtoto ina faida mbili. Kwanza, anaona anakopanda kwenda. Ikishaingia kwenye boksi anasahau kama alipewa mia tano au elfu, na mwisho wa kupanda unapotea. Pili, dukani kwenye mauzo ya kweli ugomvi mkubwa ni huu: "nilikupa elfu mbili," "hapana, ulinipa elfu moja." Noti ikiwa bado juu ya kaunta hakuna ugomvi.

Kingine, balansi ihesabiwe mkononi mwa mteja kimoja kimoja kwa sauti. Asirundike kwenye kiganja chake kisha akumwagie yote mara moja. Akihesabu mkononi mwako, wewe mteja unasikia kosa lilipo.

HesabuNiRahisi

Nimeelewa njia, na kwa sabuni ya mia saba inafanya kazi. Lakini hiyo ni kujumlisha, si kutoa. Kwenye karatasi ya mtihani hawamwekei sabuni wala kamba. Watamwandikia 1000 − 650 na nafasi ya kujibu. Atafanyaje?

Mwalimu_Koboko

Swali zuri, maana 1000 − 650 ni mahali ambapo kupanga wima kunawaangusha wengi. Mtoto anaanza upande wa kulia: sifuri toa sifuri, sifuri. Kisha sifuri toa tano. Inatakiwa akope, lakini jirani naye ni sifuri, na jirani wa jirani ni moja tu. Wengi wanachoka hapo, wanageuza na kusema tano toa sifuri ni tano, sita toa sifuri ni sita, na wanaandika 1650. Yaani mteja alileta elfu moja, akachukua bidhaa, na akaondoka na pesa nyingi kuliko alizoleta. Mtoto aliyezoea duka ataliona hilo ni kosa mara moja. Mtoto aliyezoea daftari peke yake ataandika na kugeuza ukurasa.

Kwa duka, bei ya 650 inapandwa kwa hatua mbili. Sukuma bidhaa, "mia sita hamsini." Hatua ya kwanza ni kufika kwenye mia iliyo karibu: kifuniko cha hamsini, "mia saba." Hatua ya pili ni kutoka hapo kufika elfu: mia nane, mia tisa, elfu. Balansi ni 50 na 300, yaani 350. Kwenye daftari aandike kwa mstari mmoja tu, 650 + 50 + 300 = 1000, kisha azungushie kalamu ile 50 na ile 300. Hiyo ndiyo 1000 − 650.

Kupanga wima ajifunze pia, silipingi. Kwa 876 − 342 kupanga wima ni haraka kuliko kupanda. Lakini kwa namba zenye sifuri nyingi juu, kama noti zetu zilivyo, kupanda kunamwokoa. Na hata akipanga wima, ajihakikishe kwa duka: bei ujumlishe na balansi lazima irudi kwenye pesa aliyopewa.

HesabuNiRahisi

Kwa namba zenye sifuri nakubali. Bado naona mtoto akizoea kupanda atakwepa kukopa, na kukopa kunahitajika darasa la nne na kuendelea. Mimi ningefundisha vyote viwili siku moja, kimoja baada ya kingine, swali lile lile.

Mwalimu_Koboko

Siku moja ni mapema kwangu kwa mtoto ambaye mkono wake bado unatoa kifuniko cha ziada. Mimi ningengoja apande bila kosa kwanza. Lakini wapo walimu wazuri wanaofanya kama wewe.

BabaMapacha

Samahani kuingilia. Mimi nina mapacha wa miaka mitano, nimeokota vifuniko vingi nje ya baa iliyo jirani. Nifanye hii ya mia saba na elfu? Jana nilijaribu, wakaanza kupanga vifuniko kwa rangi, na mmoja akakiweka mdomoni.

Mwalimu_Koboko

Baba Mapacha, kwa miaka mitano kifuniko ni kimoja, si mia. Pipi moja kifuniko kimoja, andazi vifuniko vitatu, mwisho kumi. Alipe kamili, balansi isiwepo kabisa. Kupanga kwa rangi si kosa kwa umri wao, waache wapange.

Cha mdomoni ndicho cha kuogopa. Kifuniko kinaweza kumkaba mtoto na kingo zake zinakata ufizi. Kama bado wanaweka vitu mdomoni, tumia kitu kisichoweza kuingia chote mdomoni, kwa mfano magunzi ya mahindi, na vifuniko uviweke juu ya kabati. Mama Amani, kama nyumbani kuna mdogo wake, mvihesabu mkianza na mvihesabu mkimaliza.

Mikono_Jinja

Naona hakuna aliyegusa vifuniko vyenyewe, na vikiwa vibaya mchezo unaharibika. Nitaandika ninavyovitengeneza.

Chagua vilivyofunguliwa bila kupinda. Kifunguo cha chupa mara nyingi kinakunja upande mmoja, na kifuniko kilichokunjwa hakilali vizuri mezani, kinacheza. Vikiwa vimekunjika kidogo tu, vinyooshe kwa kuvigonga taratibu juu ya jiwe bapa. Vilivyopinda sana achana navyo. Osha kwa maji ya moto na sabuni kwa sababu ya sukari, la sivyo sisimizi watakuja kabla ya wateja. Kausha juani siku hiyo hiyo, upande wa ndani ukitazama juu. Vikihifadhiwa na maji vinashika kutu kwenye meno.

Wapo wanaovigonga kwa nyundo viwe bapa kama sarafu. Sishauri kwa mtoto. Ukivigonga, yale meno yanafunguka na kuwa makali pembezoni, ni lazima uyasugue kwenye jiwe kimoja kimoja. Viache na umbo lake, meno yatazame juu, ndani kuna kisahani kizuri cha kuandikia.

Thamani usiiandike kwa kalamu ya maki juu ya chuma wala juu ya ile plastiki ya ndani. Inafutika kwa jasho la vidole. Kata miduara ya karatasi nyeupe yenye upana wa kama sentimita mbili na nusu, andika 100 kwa namba kubwa, gundisha ndani ya kifuniko. Ule ukingo unailinda karatasi, haisuguliwi.

La mwisho na ndilo muhimu: thamani moja, aina moja ya soda. Ukiamua mia ni vifuniko vya Mirinda, mia zote ziwe Mirinda. Ukichanganya kwenye mia vya Mirinda na vya Stoney, kisha ukatumia Stoney hizo hizo kwa mia tano kwa sababu zilikuwa zimebaki, mtoto anasoma rangi kabla ya namba na atakosea bila ya kuwa kosa lake.

Boksi la pesa likate kwenye trei ya mayai ya karatasi. Trei ya mayai thelathini ina safu sita za mashimo matano. Kata safu mbili, unapata mashimo kumi, na kila shimo linakaa kifuniko kimoja cha mia bila kubanwa. Yakijaa yote kumi, ni elfu. Mtoto anaona safu ya juu imejaa na ya chini ina viwili, anajua ni mia saba bila kuhesabu toka mwanzo.

MamaAmani_Arua

Asante sana Mikono. Trei ipo jikoni, naikata leo.

Mwalimu, kile kifuniko cha ziada kimeondoka kwa sabuni. Kwa andazi bado kinamtoka mara moja moja. Jana nikaongeza sarafu za mia tano na mia mbili, hapo tena tukapotea. Nimempa mia tano kwa kiberiti cha mia mbili, akanipa kifuniko kimoja cha mia, akasema "wewe umenipa kimoja."

Mwalimu_Koboko

Umeongeza mbili kwa pamoja, mama Amani. Ondoa mia mbili kwanza, ibaki mia na mia tano.

Mpaka sasa kwake idadi ya vifuniko na pesa vilikuwa kitu kimoja. Vifuniko vitatu, mia tatu. Mia tano imevunja sheria hiyo: ni kifuniko kimoja lakini kina nguvu ya vitano. Namba iliyoandikwa ndani anaisoma, ila bado haiamini. Kuiamini kunakuja kwa kubadilisha, na kubadilisha kufanyike kabla ya kuuza chochote.

Weka sahani pembeni, iite benki. Yeye alete mia tano moja, benki impe vifuniko vitano vya mia, kimoja kimoja, avipange kwenye safu moja ya trei. Safu imejaa. Kisha arudishe safu nzima, benki impe kile kifuniko kimoja. Aende na kurudi mpaka aone hachezewi, kwamba hapati wala hapotezi. Halafu mia tano mbili kwa noti ya elfu. Akilifahamu hilo, mwite dukani ununue kiberiti cha 200 kwa mia tano, na mruhusu, kabla ya kutoa balansi, ainue kile kifuniko cha mia tano akiweke mbele ya safu ya trei iliyojaa avilinganishe. Baadaye hatahitaji.

Mia mbili ije mwisho kabisa, hata baada ya hamsini kama unaweza. Inasumbua kuliko mia tano kwa sababu haigawi safu ya trei sawasawa. Mbili za mia mbili ni mia nne, na ya tatu inavuka mia tano. Mtoto akipanda kwa mia mbili kutoka 700 anasema mia tisa, halafu anasema elfu na kutoa nyingine ya mia mbili. Hapo anakuwa amezidisha mia, na mkidhani ni kosa lile la zamani mtamfundisha kitu asichokosea. Angalia alichotoa, usiangalie kiasi kilichozidi peke yake.

Duka_Busia

Nami niwaonyeshe kufunga hesabu jioni, maana ndipo mtoto anaona mwenyewe kama alikosea, na mzazi hana haja ya kuwa askari.

Asubuhi boksi lianze na pesa inayojulikana. Tuseme vifuniko kumi na tano vya mia na kimoja cha mia tano, jumla 2000. Iandikwe juu ya karatasi. Kila mauzo yaandikwe bei yake tu, balansi isiandikwe.

Mteja wa kwanza kanunua kiberiti 200 na pipi 100, jumla 300, kalipa mia tano, karudishiwa 200. Wa pili kanunua sabuni 700, kalipa noti ya elfu, karudishiwa 300. Wa tatu kachukua chumvi 500 na kiberiti 200, jumla 700, kalipa noti ya elfu, karudishiwa 300. Mauzo ni 300, 700 na 700, jumla 1700. Pamoja na 2000 ya asubuhi, boksi linatakiwa liwe na 3700.

Fungueni muone. Mia zilikuwa kumi na tano, zimetoka mbili, tatu na tatu, zimebaki saba: 700. Mia tano ilikuwa moja, imeingia moja, ni mbili: 1000. Noti za elfu mbili: 2000. Jumla 3700. Imekubali.

Sasa kama kosa la kifuniko cha ziada limerudi, boksi litakuwa na 3400. Limepungua 300, na wateja waliorudishiwa balansi ni watatu. Upungufu ukiwa sawa na mia moja kwa kila mteja wa balansi, umeshajua chanzo kabla ya kumuuliza mtoto chochote. Boksi likizidi, mara nyingi kuna mteja aliyepewa pungufu. Na hilo mtoto alichukulie kwa uzito kama upungufu, asifurahi kwamba duka limepata, kwa sababu mteja huyo kesho haji.

HesabuNiRahisi

Hii ya kufunga hesabu ni nzuri sana, na hapa kupanga wima kunafaa kabisa: 2000, 300, 700, 700, anajumlisha chini. Nimeshaona mahali pangu.

BabaMapacha

Swali moja tu. Kwa nini msitumie sarafu zenyewe? Hamsini, mia, mia mbili, mia tano zote zipo, na elfu ipo ya sarafu na ya noti. Mtoto ataenda dukani na sarafu, haendi na Mirinda.

Mikono_Jinja

Kwa sababu mchezo unataka mia ishirini kwa wakati mmoja, na nyumba nyingi hazina mia ishirini za kuacha mezani mpaka jioni. Sarafu ya mchezo ikihitajika kununua chumvi, duka linafungwa katikati.

Mwalimu_Koboko

Baba Mapacha ana hoja. Kifuniko kinafundisha hesabu, lakini hakifundishi kuzitambua sarafu kwa kuzishika na kuzitazama. Mimi huchanganya mwishoni: boksi la muuzaji lina vifuniko, mteja analipa kwa sarafu ya kweli moja. Mtoto lazima aitambue kwanza ndipo arudishe vifuniko.

Duka_Busia

Mimi ningeanza na sarafu tangu siku ya kwanza, hata kama ni chache, na kuuza vitu vichache. Hapo hatutakubaliana na mwalimu.

MamaAmani_Arua

Tumefunga hesabu jioni hii kama alivyosema Duka. Boksi lilipungua mia moja. Binti amerudia mauzo yote na kugundua ni kwenye andazi, mimi sijamwambia.

Limetokea jambo jingine. Mteja wa nne alikuja na noti ya elfu kutaka sabuni, na kwenye boksi zimebaki mia mbili tu na mia tano. Alitakiwa kurudisha 300. Akataka kunipa mia mbili na pipi moja. Amejifunza wapi sijui, labda dukani kwa kweli. Nimkubalie?

Mwalimu_Koboko

Kihesabu amepatia, pipi ni mia. Lakini mimi nisingemruhusu kwenye mchezo, kwa sababu anakwepa swali gumu lililo mbele yake, na mteja hakuomba pipi.

Duka_Busia

Wateja wengine wanaikubali na wengine wanakasirika. Aulize kwanza: "Sina mia tatu, utachukua pipi?" Asiposema ndiyo, pipi ibaki kwenye chupa.

Na kuna njia ya wauzaji ambayo binti yako yuko karibu kuiweza. Amwambie mteja, "Una mia mbili? Nipe mia mbili nikupe mia tano." Sasa mteja ametoa 1200 kwa sabuni ya 700, na balansi ni kifuniko kimoja cha mia tano. Mwonyeshe kwa ule mstari wa chaki: upande wa muuzaji noti ya elfu na mia mbili, upande wa mteja sabuni na mia tano. Ajumlishe kila upande, 1200 na 1200.

Mwanzo ataona ajabu kumwomba pesa mtu anayemdai. Mpe bei nyingine ambayo boksi halina chenji yake, kama chumvi na kiberiti na pipi, 800 kwa noti ya elfu, boksi likiwa na mia tano peke yake. Usimwambie aombe ngapi. Muulize tu: "Mteja akiongeza kiasi gani, mia tano yako itatosha?"

MamaAmani_Arua

Mia tatu. Nimemuuliza sasa hivi akiwa anakula, amefikiri kidogo akasema mia tatu, kisha akaomba trei ahakikishe.